Kuandika upya mpango wa kuboresha utendaji: malengo yanayohesabika, lugha isiyotisha

Wasimamizi huniletea rasimu zao na maswali yaleyale. Lengo hili linapimika? Nikiondoa onyo, si ataona ni mchezo? Na "mtazamo mbaya" naupimaje? Nimechoka kujibu mmojammoja, kwa hiyo hapa nitachukua rasimu moja mbovu na kuinyoosha mbele yako hadi mwisho. Ukiwa na yako mezani, fuata hatua kwa hatua.

Mhusika wetu ni karani wa malipo. Hupokea ankara za wazabuni, huziingiza kwenye mfumo, huzipa namba ya fungu la matumizi, kisha huzipeleka kwa mhasibu aidhinishe. Msimamizi wake aliandika hivi:

> "Umekuwa mzembe katika kazi zako na huonyeshi ushirikiano kwa wenzako. Unatakiwa kuongeza umakini mara moja na kubadilisha mtazamo wako. Makosa zaidi hayatavumiliwa. Usipojirekebisha ndani ya siku 30 utafukuzwa kazi."

Isome tena ukijiuliza jambo moja: siku ya 30 ikifika, wewe na karani mtaangalia kitu gani ili mkubaliane kama amejirekebisha? Hakuna. Itabaki neno lako dhidi ya lake.

Kabla hujagusa kalamu

Kusanya vitu hivi: maelezo ya kazi ya mfanyakazi, rekodi za kazi yake za wiki 12 zilizopita, rekodi za muda huohuo za wenzake wanaofanya kazi ileile, kumbukumbu za mazungumzo mliyowahi kufanya kuhusu tatizo hili, na kanuni za utumishi za mahali pako. Kanuni hizo uzisome mwenyewe kwa sababu ndizo zinazosema mpango uwe wa muda gani, nani ahudhurie na mfanyakazi ana haki gani.

Ukigundua kwamba hamjawahi kukaa hata mara moja mkazungumza juu ya tatizo lenyewe, simama hapo. Mpango wa maandishi haupaswi kuwa mara ya kwanza kwa mtu kusikia kwamba kazi yake hairidhishi.

Simama pia kama shida yenyewe si ya utendaji. Kughushi risiti au kupokea hongo ni suala la nidhamu, na lina utaratibu wake. Aliyeshuka kwa sababu ya ugonjwa anahitaji kwanza mazungumzo ya namna kazi inavyoweza kurekebishwa. Na kama moyoni umeshaamua kumwondoa, usiandike mpango kabisa. Mfanyakazi ataligundua hilo ndani ya wiki ya kwanza, na karatasi yako itasomwa hivyo na yeyote atakayeamua mgogoro baadaye.

Hatua ya 1: Pigia mstari kila neno linalomwelezea mtu

Chukua kalamu nyekundu. Kwenye rasimu yetu mistari inaangukia "mzembe", "ushirikiano", "umakini" na "mtazamo". Maneno haya yanahukumu tabia ya mtu, wakati kazi yenyewe haijatajwa popote. Hata ankara haijatajwa! Rasimu hii ungeweza kumpa dereva au mpokea wageni bila kubadilisha herufi.

Zamani niliwahi kuandika mwenyewe kwamba mfanyakazi "aonyeshe ari". Alisoma, akaniuliza kwa upole kabisa, "Ari inapimwa kwa kilo au kwa lita?" Sikuwa na jibu. Nilirudi na karatasi yangu nikaianza upya.

Hatua ya 2: Badilisha kila neno kuwa tukio

Kwa kila neno ulilopigia mstari, jiulize: kama ningekuwa nimesimama nyuma yake, ningeona nini? Andika ulichoona, lini, na kilileta madhara gani.

"Mzembe" kwenye kesi yetu iligeuka kuwa: ankara zinarudishwa na mhasibu kwa sababu zimeingizwa vibaya, na wazabuni wanachelewa kulipwa. "Haonyeshi ushirikiano" ikawa: idara ya manunuzi ikimwandikia kuuliza ankara fulani imefika wapi, hajibu, au hujibu baada ya siku kadhaa. Hapo tuna vitu viwili vinavyohesabika. "Mtazamo" msimamizi alishindwa kuutolea tukio lolote, kwa hiyo tuliufuta. Neno lisilo na tukio halina nafasi kwenye mpango, hata kama unaliamini kwa dhati.

Kosa la kawaida hapa ni kuchukua lalamiko moja la mwenzake aliyekasirika na kuliandika kama tabia. Tukio moja litaje kama tukio moja.

Hatua ya 3: Hesabu hali ilivyo sasa, kisha zichambue hesabu zenyewe

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayobadilisha kila kitu. Usiweke lengo kabla hujajua mtu yuko wapi leo.

Anza kwa kukubaliana kosa ni nini. Sisi tuliandika: kosa ni ankara yoyote iliyorudishwa na mhasibu kabla ya kuidhinishwa. Ankara ikirudishwa mara mbili inahesabiwa mara moja. Kisha tukafungua mfumo. Kwa wiki 12 karani aliingiza ankara 720, na 78 zilirudishwa. Hiyo ni takribani 11 kwa kila 100. Wenzake wawili, kwa idadi hiyohiyo ya ankara, walirudishiwa 22 na 24, yaani karibu 3 kwa kila 100.

Msimamizi alitaka kuishia hapo. Nikamwomba azipange zile 78 kwa sababu ya kurudishwa. Ishirini na saba zilikuwa zimepokelewa bila namba ya oda ya ununuzi. Ankara hizo humfikia karani kutoka dirisha la mapokezi, na yeye hana njia ya kuipata namba hiyo. Wenzake hawapokei kutoka dirisha hilo. Tukaziondoa, zikabaki 51 ambazo ni zake kweli.

Kati ya hizo 51, kiasi cha pesa kilikosewa kwenye 18, na namba ya fungu kwenye 33. Na katika hizo 33, ishirini na tano zilikuwa kosa lilelile: gharama ya matengenezo imeandikwa kwenye fungu la ununuzi wa vifaa, au kinyume chake. Fundi akibadilisha pampu, karani hajui kama hiyo ni matengenezo au ni kifaa kipya.

Toa 25 kwenye 51, zinabaki 26. Wenzake wana 22 na 24. Yule "mzembe" kumbe ana swali moja ambalo hakuna aliyemjibu. Nimeona jambo hili mara nyingi: ukishahesabu vizuri, tusi linaanguka lenyewe kwenye karatasi kwa sababu halina tena cha kueleza.

Si kila kesi itaisha vizuri hivi. Kuna nyakati uchambuzi unaonyesha makosa yametawanyika kila mahali na hayana sababu moja. Andika hivyohivyo. Cha muhimu ni kwamba sasa unajua.

Kwa suala la barua pepe tulichukua maombi 20 ya idara ya manunuzi katika kipindi hicho. Kumi na tatu yalijibiwa baada ya siku tatu au zaidi, au hayakujibiwa.

Hatua ya 4: Andika lengo lenye vipande vitano

Kila lengo liseme: kazi ipi, inahesabiwaje, kiwango ni kipi, takwimu zinatoka wapi, na kufikia lini. Kipande kinachosahaulika ni cha nne. Kama hamjaandika kwamba idadi itatoka kwenye orodha ya ankara zilizorudishwa ndani ya mfumo, wiki ya sita kila mtu atakuja na daftari lake.

Kiwango kiwe kile wanachokifikia wengine kwenye kazi hiyohiyo. Usiandike "bila kosa lolote". Wenzake wenyewe hukosea ankara 3 katika 100, na kumtaka mmoja afike sifuri ni kumtengenezea anguko.

Kuna mtego mwingine ambao hata wazoefu hunaswa nao. Karani huingiza ankara kama 60 kwa wiki, na kiwango cha 3 kwa 100 ni sawa na kosa moja au mawili tu kwa wiki. Ukimpima wiki kwa wiki, ankara moja tu iliyoteleza Ijumaa jioni itamfanya "aliyefeli". Idadi ikiwa ndogo hivyo, tazameni kila wiki ili kujifunza, lakini hukumu ya lengo itolewe kwa jumla ya wiki nne. Kwa ankara 240, kiwango cha wenzake ni makosa 7 au 8.

Weka pia ngazi. Hakuna anayetoka kwenye makosa 17 kwa wiki nne hadi 8 kwa siku moja. Tuliandika: yasizidi 12 katika wiki nne za kwanza, na yasizidi 8 katika wiki nne za pili. Ndiyo maana siku 30 za mwanzo zikawa wiki 8.

Mwisho, ongeza kipimo cha kulinda upande wa pili. Mtu anayeogopa kukosea hupunguza mwendo, naye akiingiza ankara 20 kwa wiki atakuwa na makosa machache sana. Tuliweka sharti la ankara zisizopungua 55 kwa wiki, mradi zimefika mezani kwake.

Hatua ya 5: Andika upande wako wa ahadi

Msaada uandikwe kwa uzito uleule wa malengo, wenye jina la mhusika na tarehe. "Msimamizi atatoa msaada unaohitajika" haina maana yoyote. Kwenye kesi yetu tuliandika mambo matatu: mhasibu mwandamizi atakaa na karani saa moja mara mbili katika wiki ya kwanza, wakipitia ankara 25 zilizokosewa fungu, msimamizi atatoa karatasi ya ukurasa mmoja yenye mifano ya matengenezo na mifano ya vifaa kabla ya siku ya tano, na dirisha la mapokezi litaacha kupokea ankara isiyo na namba ya oda.

Kisha weka sentensi hii: msaada ukichelewa, muda wa lengo linalouhusu unasogea kwa siku hizohizo. Wasimamizi wengi huipinga. Ing'ang'anie. Ndiyo inayomfanya mfanyakazi aamini karatasi nzima, na ndiyo itakayokukumbusha kutengeneza ile karatasi ya mifano.

Hatua ya 6: Sasa nyoosha lugha

Ukitanguliza hatua hii utapata matusi yaliyopakwa asali. Sasa kazi imebaki ndogo, na iko kwenye mambo machache.

Tafuta kila "usipo... uta...". Sentensi ya namna hiyo husikika kama fimbo hata pale ambapo hukukusudia. Tafuta "mara moja", "hayatavumiliwa" na "kwa mara ya mwisho" uziondoe. Tafuta "imebainika kuwa" na "imeonekana kuwa", uandike nani aliona na aliona nini: "Nilipitia ankara za wiki 12." Kujificha nyuma ya "imebainika" humfanya msomaji ahisi kuna kikao kilimjadili bila yeye kuwepo.

Lakini usilainishe hadi ukweli upotee. Nimesoma mipango iliyojaa "tunakuthamini sana" na "wewe ni nguzo ya timu", mtu akatoka kikaoni akidhani amepongezwa. Sifa ziwepo kama ni za kweli na zina ushahidi, sentensi moja inatosha. Na matokeo ya kutofikia malengo lazima yatajwe. Kuyaficha ni ukatili mbaya kuliko kutisha. Yataje mara moja, mwishoni, kwa sauti ileile uliyotumia kueleza tarehe za vikao.

Baada ya kazi yote hiyo, rasimu yetu ikawa hivi:

> "Nilipitia ankara 720 ulizoingiza katika wiki 12 zilizopita. Zilizorudishwa kwa sababu zilizo ndani ya uwezo wako ni 51. Kwa wenzako wa kazi hii ni kati ya 22 na 24. Karibu nusu ya hizo 51 zinatokana na kuchanganya fungu la matengenezo na fungu la vifaa, na hapo ndipo tutakapoanzia.
>
> Lengo la kwanza: ankara zinazorudishwa zisizidi 12 katika wiki ya 1 hadi ya 4, na zisizidi 8 katika wiki ya 5 hadi ya 8, kwa kila ankara 240. Idadi itatoka kwenye orodha ya ankara zilizorudishwa ndani ya mfumo, na haitajumuisha zilizokuja bila namba ya oda. Uingizaji usipungue ankara 55 kwa wiki zikiwa zimekufikia.
>
> Lengo la pili: kuanzia wiki ya 3, maombi 9 kati ya kila 10 ya idara ya manunuzi yajibiwe ndani ya siku moja ya kazi. Jibu la 'nimeliona, nitakujibu Alhamisi' linahesabika, mradi Alhamisi ujibu.
>
> Tutakutana kila Jumatatu kwa nusu saa kutazama takwimu na kilichokukwamisha. Mwisho wa wiki ya 8 tutakuwa na kikao cha kufunga. Malengo yakifikiwa, mpango unafungwa. Yakikaribiwa, tunaweza kuongeza wiki 4. Yasipofikiwa, suala litapelekwa kwenye hatua inayofuata ya kanuni za utumishi, ambayo inaweza kufikia kusitishwa kwa ajira."

Orodha ya msaada ya hatua ya 5 ilikaa katikati ya malengo na ratiba ya vikao. Onyo bado lipo. Tofauti ni kwamba karani anajua njia inayomfikisha huko na njia inayomtoa.

Hatua ya 7: Msomee kabla ya kuikamilisha

Mpe rasimu siku mbili kabla ya kikao, kisha muulize swali moja kwa kila lengo: kuna kitu kitakachokuzuia ambacho hakiko mikononi mwako? Karani wetu alisema mfumo humtoa nje akikaa dakika chache bila kuandika, na akirudi hukuta kiasi alichoandika kimefutika, hukiandika upya kwa haraka. Baadhi ya zile ankara 18 za kiasi zilikuwa na asili hiyo. Fundi wa mfumo aliongeza muda, na jambo hilo likaingia kwenye orodha ya msaada.

Acha nafasi ya maoni yake kwenye karatasi, na juu ya mstari wa sahihi andika kwamba sahihi inathibitisha kupokea, si kukubaliana na kila kilichoandikwa.

Mambo yakikwama

*Anakataa kutia sahihi.* Usibishane. Mwombe aandike sababu kwenye nafasi ya maoni. Akikataa hilo pia, andika tarehe na kwamba amepewa nakala, mtu wa rasilimali watu aliyekuwepo athibitishe. Mpango unaendelea.

*Kazi imepungua ghafla.* Zikija ankara 150 badala ya 240, kiwango cha 8 kinakuwa rahisi mno. Piga hesabu kwa uwiano: 8 kwa 240 ni 5 kwa 150. Kazi ikipungua chini ya hapo, ongeza wiki hadi zifike ankara za kutosha.

*Amechukua likizo au ameugua katikati.* Wiki hizo hazihesabiwi. Sogeza tarehe ya mwisho kwa maandishi siku hiyohiyo, msisubiri wiki ya 8 kukumbushana.

*Lengo moja limefikiwa, jingine bado.* Funga lililofikiwa kwa maandishi. Ongeza muda kwa lililobaki pekee. Kurudisha yote mezani kunamwambia kwamba kufikia lengo hakukumsaidia kitu.

*Wewe ndiye uliyekosa vikao.* Hutokea zaidi ya watu wanavyokiri. Ukikosa vikao viwili vya Jumatatu mfululizo, ongeza wiki mbili na andika sababu kuwa ni yako. Huwezi kumfungia mtu mpango kwa takwimu ambazo hamkuwahi kuzitazama pamoja.

*Takwimu zinapingana.* Mara nyingi mhasibu amerudisha ankara kwa mdomo, bila kuipitisha kwenye mfumo. Kubalianeni kwamba ambayo haimo kwenye orodha haihesabiwi, na mwambie mhasibu hivyo kabla ya wiki ya kwanza kwisha.

*Mwezi mmoja baada ya kufungwa, makosa yamerudi.* Kabla ya kuandika mpango wa pili, rudi hatua ya 3 na uzipange upya ankara zilizorudishwa. Kwa karani wetu yalirudi kweli, makosa matano kwa wiki moja, na yote yalikuwa ya fungu jipya lililoanzishwa wiki hiyo, ambalo halikuwemo kwenye ile karatasi ya mifano.